Tiki Niliyoiondoa Kwenye Laivu

Watu wa kwetu Kilimanjaro mpaka leo wanadhani kazi yangu ilikuwa kutengeneza kompyuta. Nikienda Krismasi naletewa simu zilizopasuka vioo na redio isiyoshika stesheni, na nikikataa naambiwa nimekuwa mtu wa mjini. Nimechoka kueleza. Nilikuwa mtu wa mfumo katika kiwanda kimoja hapa Arusha, kiwanda cha unga wa lishe, ule wa mahindi, soya na karanga wanaokorogewa watoto uji. Mfumo ni ile programu moja kubwa ambayo kiwanda kizima kinapita humo. Lori likiingia getini linaandikwa humo, gunia likienda kwenye mashine linaandikwa humo, na paketi ikitoka inaandikwa humo. Mimi nilikuwa nikiupangia mfumo ufuate kanuni za kiwanda. Bisibisi sikuwahi kushika.

Kiwandani alikuwepo mama mmoja aliyekuwa mkuu wa ubora. Mama wa miaka hamsini na kitu, Mmeru, ameolewa Olmotonyi, mzee wa kanisa usharikani kwao, na mwenye macho ambayo ukidanganya mbele yake unajisikia kuwashwa mgongoni. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia sumu kuvu. Karanga zikivunwa na unyevu zinaota ukungu usiouona vizuri kwa macho, na ukungu ule unatoa sumu inayokula ini taratibu. Haina haraka sumu hiyo. Mtoto hataanguka leo wala kesho. Ndiyo maana yule mama alikuwa haruhusu karanga ziguse mashine kabla hajazipima na kifaa chake pale maabara, na wachukuzi walikuwa wakimwita Bi Subiri akiwa hayupo.

Siku moja asubuhi aliingia ofisini kwetu na koti lake jeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karanga za kituoni mbona zinanipita kwenye kompyuta?"

Tulikuwa na kituo cha kukusanyia mazao, ambako wakulima walipeleka karanga, halafu lori letu likazileta kiwandani. Karanga tulizonunua moja kwa moja kwa wafanyabiashara, mfumo ulikuwa ukizifungia: zikipokelewa tu zinaingia kwenye orodha ya mama, na mtu wa mashine hawezi kuzichukua mpaka mama azifungulie. Lakini zile zilizotoka kituoni zilikuwa na aina yake ya mapokezi, na kwenye mstari wa aina hiyo kulikuwa na kisanduku kimewekwa tiki: bila ukaguzi. Aliyeupanga mfumo kabla yangu alidhani zimeshapimwa huko. Kituoni hakukuwa na kifaa cha kupimia chochote zaidi ya mizani.

Kuondoa tiki ni kazi ya sekunde mbili. Tatizo ni pa kuiondolea. Hapa inabidi nieleze, na nitaeleza mara moja tu.

Mfumo wetu kwa kweli ulikuwa mifumo mitatu inayofanana. Wa kwanza ulikuwa wa kutengenezea, ambako sisi watu wa mfumo tunabadili tunachotaka na tukiharibu hakuna anayeumia. Wa pili wa majaribio, ambako wenye kazi yao wanakuja kujaribu mabadiliko kabla hayajawafikia. Wa tatu ndio laivu, wenye karanga za kweli na unga wa kweli. Badiliko linazaliwa kwenye ule wa kwanza, linafungwa ndani ya kifurushi, kifurushi kinapelekwa kwenye majaribio, kinajaribiwa, watu wanatia saini, ndipo kifurushi hicho hicho kinaingizwa laivu. Laivu yenyewe imefungwa, hakuna kubadili mpangilio humo kwa mkono. Ukilazimika, msimamizi wa mifumo anaifungua kwa muda, unabadilisha, anafunga, na wewe kabla jua halijazama unalirudia badiliko lile lile kwenye mfumo wa kutengenezea ili usiachwe nyuma. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe na kuibandika ukutani, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu napenda kuwapigia wenzangu kelele.

Siku ile mfumo wa majaribio haukuwepo. Msimamizi alikuwa ameanza kuuandaa ili amwagie humo nakala mpya ya laivu, jambo tulilolifanya mara chache kwa mwaka ili majaribio yafanane na hali halisi. Getini kulikuwa na lori mbili za kituoni zinasubiri. Meneja wa kiwanda, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapiga simu kuuliza kama tumelala. Nikamwambia msimamizi afungue laivu. Akafungua. Nikaondoa tiki, nikahifadhi, akafunga. Mama akaenda kwenye kompyuta yake, akaziona lori zote mbili kwenye orodha, akarudi kunishukuru kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki baba. Sasa nitalala."

Hakwenda kulala tu. Kabla ya hapo alikuwa akitundika kadi nyekundu kwa mkono kwenye kila rundo la magunia ya kituoni, lisiguswe kabla hajalipima, na mimi ndiye niliyemwambia aachane nazo. Nilimwambia hizo ni za zamani, sasa mfumo utakukumbusha mwenyewe. Akaniamini, akazitupa.

Na mimi sikulirudia badiliko kwenye mfumo wa kutengenezea. Siku ile nilichelewa kula, mchana nikaitwa kwenye kikao, jioni nikaondoka. Kesho yake nikasema kesho. Sina kisingizio kingine, na hata hicho naona aibu kukiandika. Wiki iliyofuata msimamizi akamaliza kumwaga nakala ya laivu kwenye majaribio. Nikaingia humo kwa shughuli nyingine, nikapita kwenye ule mstari, nikaona tiki haipo. Moyo ukatulia. Nikasema ala, kumbe nilishalifanya.

Sikuwa nimelifanya. Mfumo wa majaribio ulikuwa umelipata badiliko kutoka laivu kwa ile nakala. Mfumo wa kutengenezea hauguswi na nakala hiyo, na mle tiki ilikuwa imekaa pale pale inanisubiri.

Miezi ikapita. Watu wa stoo wakaomba kwamba mzigo wa kituoni ukipokelewa, mfumo umlazimishe mpokeaji kuandika namba ya lori. Ombi zuri. Nikaenda kwenye mfumo wa kutengenezea, nikaufungua mstari wa mapokezi ya kituoni, nikaongeza ulazima wa namba ya lori bila kutazama visanduku vingine, nikahifadhi. Kikatengenezwa kifurushi. Na kifurushi hakibebi neno moja ulilobadilisha, kinabeba mstari mzima kama ulivyo. Namba ya lori ikapanda, na ile tiki ya zamani ikapanda nayo, mmoja kiti cha mbele, mwingine nyuma.

Tukakiingiza kwenye majaribio. Mtu wa stoo akapokea mzigo wa kubuni, mfumo ukamdai namba ya lori, akafurahi. Tulijaribu hicho tu. Hakuna aliyeuliza kama mzigo ule umeingia kwenye orodha ya ubora, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba hilo limeguswa.

Fomu ya majaribio ilikuwa na nafasi tatu za saini: stoo, uzalishaji, ubora. Kwetu ilikuwa desturi, badiliko likiwa la idara moja, wale wengine wawili wanatia saini kwa heshima tu, kama unavyosaini kadi ya mchango wa harusi ya mtu usiyemjua. Mama nilimkuta koridoni amebeba sampuli.

"Hii ni nini?"

"Ya stoo mama, namba za lori. Wewe haikuhusu, weka saini tu niwahi."

"Nisome kwanza."

"Mama, ni mstari mmoja."

Akaishika fomu juu ya boksi la sampuli, akasaini. Kifurushi kikaingia laivu jioni ile ile, bila kelele wala taa nyekundu. Mfumo haukukosea hata nukta, ulitii mstari mpya kama ulivyokuwa umetii ule wa kwanza.

Kuanzia hapo karanga za kituoni zikawa zinaingia na kwenda moja kwa moja kwenye mashine. Utauliza mama hakuona? Orodha yake haikuwa tupu. Karanga za wafanyabiashara ziliendelea kuingia humo kila siku, na za kituoni kwa kawaida huja kwa msimu. Aliuliza mara moja mbona za kituoni zimepungua, mtu akamjibu wakulima mwaka huu hawajapata. Jibu lilifanana na ukweli.

Halafu wakaguzi wa serikali wakachukua paketi zetu dukani, wakazipima, zikakutwa na sumu kuvu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Tukaamriwa kuondoa sokoni fungu lile, yaani paketi zote zilizotoka mashine pamoja na hizo. Meneja akafuatilia fungu lile kwenye mfumo, akakuta limetumia karanga za lori moja la kituoni, na lori hilo halikuwa na kipimo. Kwake habari ilikuwa imekwisha: lori moja, kipimo kimoja kilichosahauliwa, na mama mmoja wa kukifanya. Siku ile ile mama akapewa barua ya kujieleza kwa nini asiachishwe kazi.

Kesho yake alikuja ofisini na barua mkononi. Hakuwa analia. Alisema amekaa usiku mzima akijaribu kukumbuka siku lile lori lilipoingia na hakumbuki kabisa, na sasa anaogopa kwamba ni uzee.

"Hebu niangalizie baba. Nililifungulia mimi? Kama ni mimi nitakubali."

Nikafungua. Mfumo una kumbukumbu ya kila mstari wa mpangilio: nani aliubadili, lini, kwa mkono au kwa kifurushi. Nikasoma. Tiki imeondolewa, kwa mkono, jina langu. Chini yake, tiki imerudi, kwa kifurushi, kifurushi changu. Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, lakini bila miwani yake maandishi yale alikuwa hayaoni. Nililijua hilo. Nikafunga ukurasa.

"Ngoja nichunguze zaidi mama."

"Asante baba. Chunguza."

Nilichunguza nini? Nilikaa siku nne nikijidanganya. Nilikuwa naenda nyumbani Ngarenaro kwa miguu, napita kwenye gereji za huko, nasikia watu wanavyogombana juu ya boliti, na nawaonea wivu kwamba mtu akifunga boliti vibaya gurudumu linachomoka mbele ya macho yake. Mke wangu aliniuliza naumwa nini. Nikasema tumbo. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi sikuzaa kitu siku zile nne zaidi ya uongo.

Siku ya kikao cha nidhamu niliitwa kama mtu wa mfumo. Meza ndefu, chupa za maji, meneja katikati, mtu wa rasilimali watu pembeni, mama peke yake upande wa pili na kitambaa kichwani kama anaenda ibadani. Alieleza kwa upole kwamba lori lile halikuwahi kutokea kwenye orodha yake. Meneja akatoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa ile fomu ya majaribio.

"Mapokezi ya kituoni yalibadilishwa. Ubora waliulizwa, wakajaribu, wakakubali. Hii saini ni ya nani?"

Mama akaichukua, akaisogeza mbali kidogo na macho kama wanavyofanya watu wasio na miwani.

"Ni yangu."

"Ulijaribu?"

Alinigeukia. Hakuniashiria chochote. Alinitazama tu, kama mtu anayemngojea mwenzake aanze wimbo.

"Sikujaribu," akasema.

Meneja akaniuliza mimi: "Mfumo ulikuwa na hitilafu?"

Na mimi nikajibu: "Hapana. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa."

Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule, na nilijua wakati nausema. Hakuna aliyeniuliza nani aliupanga, na mimi sikujitolea. Mama aliachishwa kazi kabla ya saa sita mchana. Walimpa siku kumi za kukata rufaa na boksi la kuwekea vitu vyake. Nilimwona dirishani akivuka uwanja, boksi kwapani, akisimama kila hatua chache kuwaaga wachukuzi, na wale wale waliokuwa wakimwita Bi Subiri wakimpokea mzigo mpaka getini.

Ya ofisini niyamalize hapa hapa, maana hayana utamu. Jumatatu iliyofuata nilimpelekea meneja kumbukumbu ile imechapwa, na maelezo yangu ya kurasa mbili. Alisoma, akaniuliza kwa nini sikusema kikaoni. Nikamwambia niliogopa. Barua ya mama ilifutwa na akaandikiwa nyingine safi, unga wote wa kipindi kile ukaamriwa kurudi, na mimi nikatoka kwa mlango ule ule aliotokea yeye. Haki yangu. Sina kinyongo na kiwanda.

Lakini kabla ya Jumatatu ile kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi ile ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Nilichukua bodaboda kutoka Ngaramtoni kupanda Olmotonyi na karatasi ya ile kumbukumbu ndani ya koti. Ilikuwa baridi ile ya Juni inayoshuka Meru na ukungu, na njia ilikuwa imelowa bila mvua kunyesha. Nyumba yake iko chini kidogo ya barabara, migomba mbele, kahawa chache nyuma, ng'ombe mmoja bandani. Nilikuwa nimejipanga. Nitapiga magoti ikibidi. Nitamwambia rufaa yake imeshashinda, ushahidi ninao mkononi, jina langu limo mara mbili.

Alinikaribisha bila kushangaa. Binti yake alikuwa jikoni. Mama alikuwa amempakata mjukuu, mtoto mnene wa mashavu, amefungwa kitambaa shingoni. Alimpa mtoto kijiko akichezee, akaniambia nikae, akaniuliza habari za mke wangu. Nikasema mzima. Nikaitoa karatasi, nikaikunjua juu ya meza, nikasema yote kwa pupa: tiki, laivu, kesho yangu iliyokuwa haifiki, kifurushi, fomu ya koridoni, siku nne, kikao.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia naomba radhi. Nilimwambia kazi yake itarudi, jina lake litasafishwa, Jumatatu asubuhi naipeleka hii mwenyewe.

"Sikiliza," akasema. "Hayo ya kazi yaache kwanza. Tiki ilirudi lini?"

"Tarehe iko hapa mama."

"Nisomee. Sina miwani."

Nikamsomea. Midomo yake ikawa inatembea.

"Kwa hiyo si lori moja."

Hapo ndipo na mimi niliposikia nilichokuwa nimemwambia. Siku zote zile nilikuwa nikifikiria jina langu kwenye kumbukumbu, na kazi yake, na kazi yangu. Lori tulilokuwa tunaligombania lilikuwa ni lile tu wakaguzi walilolibahatisha dukani.

"Si lori moja," nikasema. "Ni zote za kituoni tangu siku hiyo."

"Wiki ngapi?"

"Kumi."

Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto. Alihesabu mara mbili, kurudi nyuma, halafu kuja mbele. Kisha akaita jikoni kwa Kimeru, kwa sauti ya kawaida kabisa, na binti yake akatoka na sufuria mkononi, akauliza kuna nini. Mama akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, amwage huo uji, wote, na unga uliobaki kabatini autoe nje, asimpe hata ng'ombe.

Kiwandani kila mfanyakazi alikuwa akipewa paketi za unga mwisho wa mwezi. Yangu nilikuwa nawagawia majirani.

"Ameanza kula akiwa na miezi sita," mama akaniambia. "Sasa ana miezi minane na siku chache. Nilimwambia mama yake asihangaike na unga wa dukani, hatuwajui wanaoupima. Huu naupima mwenyewe."

Mtoto aligonga kijiko mezani, juu ya karatasi yangu. Mama akamwondoa taratibu, akamfuta mdomo kwa ile ncha ya kitambaa, akaendelea kumfuta hata baada ya mdomo kuwa mkavu. Halafu akaniuliza kama pale hospitali ya mkoa wana kipimo cha kitu hicho kwa mtoto wa umri ule, na kama kikionekana wanafanyaje. Miaka yote kiwandani mambo ya vipimo yeye ndiye aliyekuwa akituambia sisi. Nikamjibu kwamba sijui.